Alama ya Digrii Iliyosomeka Sifuri: Namna ya Kusoma Cheti cha Miwani Kilichopigwa Picha

Tumchukue mwalimu mmoja wa sekondari mjini Tanga, mama wa miaka 47, aliyepimwa macho Jumatatu. Mdogo wake wa kiume anaishi Maskati na amemwahidi kumwagizia miwani huko kwenye duka la mtandaoni, kisha aitume kwa mtu anayekuja nyumbani likizo. Kinachotakiwa ni cheti tu. Mwalimu anakiweka cheti juu ya goti, anakipiga picha akiwa ndani ya daladala na kukituma kwa WhatsApp. Mpima macho alikuwa ameandika hivi kwa kalamu:

```
OD   -2.25   -1.50 x 15°
OS   -1.75   -0.75 x 165°
ADD  +1.50
```

Karatasi ina mkunjo, mkono umetupa kivuli, na kile kiduara cha digrii kilichopaswa kukaa juu kimeandikwa chini kidogo. Kijana wa Maskati anaikuza picha kwa vidole viwili, anaona 150. Anaijaza kwenye fomu na fomu inaipokea bila tatizo, kwa kuwa 150 ni namba halali. Hakuna mashine wala mtu atakayemwambia kwamba lenzi ya kulia imekwisha kuharibika kabla haijakatwa.

Kosa hili linajulikana sana kwa wanaotengeneza lenzi, kiasi kwamba wengi wao hufundishwa kutoandika kabisa alama ya digrii kwenye cheti. Lakini vyeti vyenye alama hiyo bado ni vingi, hasa vinavyoandikwa kwa mkono. Kwa hiyo anayesoma kwenye picha hana budi kuelewa kila namba inafanya kazi gani, kwa sababu aliyeielewa namba huishuku inapokaa vibaya.

Aanze na macho yenyewe. OD ni jicho la kulia na OS ni la kushoto. Ni vifupisho vya Kilatini vinavyotumika karibu dunia nzima. Cheti kilichoandikwa na mtu aliyesomea kwa Kifaransa, kama inavyotokea Bujumbura au Bukavu, kitakuwa na OD kwa kulia na OG kwa kushoto, na mara nyingi mkato hukaa mahali pa nukta: -2,25 badala ya -2.25. Kulia na kushoto hapa ni kwa mwenye macho, si kwa anayemtazama. Tahadhari hii ina maana, kwani mpima macho hukaa akikabiliana na mgonjwa, na vyeti vingi vyenye michoro ya macho huweka jicho la kulia upande wa kushoto wa karatasi. Asiyesoma herufi akafuata mahali pa mchoro hubadilisha macho yote mawili kwa mpigo.

Namba ya kwanza baada ya OD ni nguvu kuu ya lenzi. Kwenye fomu za mtandaoni imeandikwa SPH, na kwa Kiswahili inatosha kuiita sferi: nguvu iliyo sawa pande zote za lenzi. Hupimwa kwa diopta, jina lililopendekezwa na daktari Mfaransa Ferdinand Monoyer mwaka 1872. Hesabu yake ni nyepesi. Gawa 100 kwa namba ya diopta, utapata sentimita. Jicho linalohitaji -2.25 linaona vizuri bila miwani hadi kiasi cha sentimita 44, na kuanzia hapo kwenda mbele mambo yanafifia. Mwalimu wetu akivua miwani anasoma daftari la mwanafunzi mkononi, lakini hamtambui mwanafunzi huyo akiwa mlangoni.

Alama ya kutoa ina maana kwamba jicho linaona karibu na halioni mbali. Alama ya kujumlisha ni kinyume chake. Kistari hicho kifupi ndicho kitu chepesi kuliko vyote kupotea kwenye picha. Kalamu iliyoisha wino au mwanga wa taa unaong'aa kwenye karatasi huweza kukifuta. Na kikipotea, kosa si dogo. Kutoka -2.25 hadi +2.25 ni diopta 4.50, miwani ambayo mwalimu huyu hataweza kuvuka nayo barabara. Ikiwa alama haionekani, kijana asikisie. Apige simu.

Lipo jambo jingine la kumsaidia kabla ya kupiga simu. Nguvu za miwani huandikwa kwa hatua za robo diopta, hivyo namba baada ya nukta ni 00, 25, 50 au 75. Aliyesoma -2.35 au -1.60 amesoma vibaya, au anasoma kitu kingine. Hilo la pili hutokea, maana karatasi za dukani huandika pia 1.50, 1.60 au 1.67, ambazo ni vipimo vya aina ya mata ya lenzi. Kadiri namba hiyo inavyopanda ndivyo lenzi ya nguvu ileile inavyokuwa nyembamba. Haina uhusiano wowote na jicho, na haiingii kwenye SPH.

Sasa silinda. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kujaza tu walichokiona.

Konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, kwa baadhi ya watu imejipinda sawasawa kama mpira wa miguu. Kwa wengi imejipinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko: ukipitisha kidole kwa urefu wa kijiko unahisi mpindo mpole, ukikipitisha kwa upana unahisi mpindo mkali. Jicho la namna hiyo lina nguvu mbili kwa wakati mmoja, na sferi peke yake haiwezi kuyaridhisha mapindo yote mawili. Hali hiyo huitwa astigmatizimu. Mwingereza George Airy, aliyekuja kuwa mwanaastronomia mkuu wa ufalme, aliiona kwenye jicho lake la kushoto, ambalo lilimwonyesha nukta ya mwanga kama mstari. Mwaka 1825 alieleza jinsi alivyojitengenezea lenzi ya kuirekebisha, na lenzi hiyo ilikuwa na upande mmoja wa silinda. Namba ya CYL kwenye cheti cha mwalimu wa Tanga ni ya ukoo huohuo.

Silinda ni umbo la chupa. Ukiitazama chupa ya maji kwa urefu wake imenyooka; ukiitazama kwa upana imepinda. Lenzi ya silinda nayo hivyohivyo: kwa urefu haiongezi nguvu yoyote, na kwa upana inatoa nguvu yake yote. Ule mstari ulionyooka, usio na nguvu ya ziada, ndio mhimili, na ndio unaoandikwa AXIS. Kwa hiyo silinda bila mhimili ni nusu ya habari, sawa na kumwambia fundi akate mbao kwa mshazari bila kumwambia mshazari wa wapi.

Tusome basi jicho la kulia la mwalimu. Sferi ni -2.25. Silinda ni -1.50, imelazwa kwenye mhimili wa 15. Maana yake ni kwamba kwenye mstari wa digrii 15 lenzi ina nguvu ya -2.25 tu. Kwenye mstari unaoukata huo kwa pembe mraba, yaani digrii 105, lenzi ina -2.25 pamoja na -1.50, jumla -3.75. Jicho moja, nguvu mbili, na kila moja ina mahali pake. Jicho la kushoto lina -1.75 kwenye digrii 165, na -2.50 kwenye digrii 75.

Digrii hizo zinahesabiwaje? Afikirie saa ya ukutani iliyochorwa juu ya jicho, anayetazama akiwa mbele ya uso wa mwenye macho. Sifuri iko penye namba 3, ile tunayoisoma saa tisa. Kutoka hapo digrii zinapanda kwenda juu: namba 2 ni digrii 30, namba 12 ni digrii 90, namba 10 ni digrii 150 na namba 9 ni digrii 180. Zinaishia hapo, kwa sababu mstari unaopita katikati ya saa una ncha mbili na nusu ya duara inatosha kuueleza. Ndiyo maana AXIS haiwezi kuzidi 180, na mstari uliolala kabisa huandikwa 180 badala ya 0. Mpangilio ni huohuo kwa macho yote mawili; jicho la kushoto halihesabiwi kinyume.

Mhimili wa 15 basi umelala karibu sawa na upeo wa macho, umeinuka kidogo tu kati ya namba 3 na namba 2. Mhimili wa 165 umelala kati ya namba 9 na namba 10. Msomaji akiichora mistari hiyo miwili kwenye karatasi, ule wa jicho la kulia na ule wa jicho la kushoto, ataona jambo la kupendeza: yote miwili inainuka kuelekea pua. Ni sura moja na kivuli chake kwenye kioo. Macho ya watu wengi yako hivyo, na namba zao za mhimili zikijumlishwa hukaribia 180. Hapa 15 na 165 zinatoa 180 kamili.

Si sheria. Wako watu wenye macho yasiyofuata mpangilio huo, na namba zao ni sahihi. Lakini ni kipimo cha haraka cha kutia shaka. Kijana aliyesoma 150 kwa kulia na 165 kwa kushoto amepata jumla ya 315. Hiyo ingetosha kumfanya aikuze tena picha, aone kwamba ile sifuri ya kulia ni ndogo kuliko tarakimu zilizo kando yake, na kwamba baada ya 165 kuna kiduara kama hichohicho.

Kwa nini kosa hili linaumiza kiasi hicho? Silinda iliyozungushwa kidogo kutoka mahali pake haiharibu yote mara moja. Ikikosea kwa digrii 5, jicho linabakiwa na karibu sehemu moja ya sita ya astigmatizimu iliyokusudiwa kuondolewa. Ikikosea kwa digrii 10, linabakiwa na karibu theluthi. Ikifika digrii 30, kilichobaki kinalingana na kile cha mwanzo, ni kana kwamba silinda haikuwekwa. Baada ya hapo lenzi inaanza kuongeza ugonjwa badala ya kuutibu. Kutoka 150 kuvuka 180 na kuingia 15 ni digrii 45. Kwa silinda ya 1.50, jicho la kulia la mwalimu lingebakiwa na zaidi kidogo ya diopta mbili za astigmatizimu. Bila silinda yoyote angekuwa na moja na nusu. Miwani hiyo mpya, yenye sferi sahihi na fremu nzuri, ingemfanya aone vibaya kuliko lenzi ya sferi tupu.

Hesabu hiyo inaonyesha pia wapi pa kukaza macho. Silinda ya -0.25 inavumilia mhimili uliopotoka kidogo; silinda ya -2.00 haivumilii. Kiwango cha Marekani cha lenzi za miwani, ANSI Z80.1, kinafuata mantiki hiyo: kwa silinda ya 0.25 kinaruhusu mhimili kukosea hadi digrii 14, kwa 0.75 digrii 5, na kwa silinda inayozidi 1.50 digrii 2 tu. Anayesoma cheti chenye silinda kubwa asikubali tarakimu hata moja ya mhimili aliyoikisia.

Wakati mwingine sehemu ya silinda ni tupu, au imeandikwa DS, au 0.00. Jicho hilo halina silinda, na AXIS yake inaachwa wazi. Lakini silinda ikiwepo na mhimili ukakosekana, cheti hakijakamilika na arudishiwe aliyekiandika.

Kuna cheti kingine kinachowatisha watu bure. Baadhi ya madaktari wa macho huandika silinda kwa alama ya kujumlisha. Kama mwalimu angepimwa na mmoja wao, jicho lake la kulia lingeandikwa -3.75 +1.50 x 105. Namba zote tatu zimebadilika, lakini lenzi ni ileile. Mwandishi wa kwanza alianza na nguvu ya mstari wa 15 akashuka, wa pili alianza na ya mstari wa 105 akapanda. Fomu nyingi hupokea namna zote mbili. Isipopokea, ageuze hivi: ajumlishe sferi na silinda apate sferi mpya, abadilishe alama ya silinda, kisha asogeze mhimili kwa digrii 90, akiongeza kama ni 90 au pungufu na akitoa kama imezidi. Hapa -3.75 na +1.50 zinatoa -2.25, silinda inakuwa -1.50, 105 ikitolewa 90 inabaki 15. Kinachoharibu ni kubadilisha alama peke yake na kuziacha namba nyingine zilivyokuwa. Na vyeti viwili vya mtu mmoja, kimoja cha hospitali na kingine cha dukani, vikionekana kutofautiana, kwanza vigeuzwe namna hii kabla ya kumlaumu yeyote.

ADD ni nyepesi kuliko hayo yote, ila jina lake hupotosha. +1.50 si nguvu ya miwani ya kusomea. Ni nyongeza inayowekwa juu ya sferi, kwa macho yaliyofika umri ambao lenzi ya ndani ya jicho haijikunji tena kama zamani; kwa kawaida ni moja kwa macho yote mawili. Mwalimu akitaka miwani ya kusomea peke yake, sferi ya kulia inakuwa -2.25 ukijumlisha 1.50, yaani -0.75, na ya kushoto -0.25. Silinda na mihimili havibadiliki hata kidogo. Aliyejaza +1.50 kwenye SPH amemwagizia miwani ya mtu mwingine.

Duka litamshawishi achukue lenzi ya nguvu zinazobadilika taratibu kutoka mbali hadi karibu ndani ya kioo kimoja. Kwa kuagiza kwa picha, hiyo haifai. Lenzi hizo zinahitaji kupimwa mahali mboni inapoangukia ndani ya fremu yenyewe ikiwa imevaliwa usoni, na fremu iko Maskati wakati uso uko Tanga. Jozi mbili, moja ya kutembelea na moja ya kusomea, ni salama zaidi.

Sasa tazama tena cheti kile. Namba moja ambayo kila fomu inaidai haimo: PD, umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Wapima macho wengi hawaiandiki. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya 54 na 74, na fomu nyingi hujijazia namba ya katikati, mara nyingi 63, zikimwachia mteja aondoke nayo. Kwa lenzi dhaifu kosa la milimita mbili halisikiki. Kwa lenzi zenye nguvu, vitovu vya lenzi vikikaa mbali na mboni, macho hulazimika kujisukuma ili picha mbili ziungane, na mtu hupata maumivu ya kichwa asiyoelewa chanzo chake.

Rula ya milimita inatosha kuipima. Mpimaji akae mbele ya mwalimu, sentimita 40 hivi, macho yao kwenye usawa mmoja, na rula ilale juu ya pua. Mpimaji afumbe jicho lake la kulia, mwalimu atazame jicho la mpimaji lililo wazi, na sifuri ya rula iwekwe kwenye jicho la kulia la mwalimu. Kisha, bila kuisogeza rula, mpimaji afumbe jicho lake la kushoto na kufungua la kulia, mwalimu ahamishie macho huko, na kipimo kisomwe kwenye jicho lake la kushoto. Kwa macho meusi, ambayo mboni haionekani vizuri, ni rahisi zaidi kutumia ukingo ambapo weusi wa jicho unakutana na weupe: ukingo wa nje kwa jicho la kulia, ukingo wa ndani kwa la kushoto. Arudie mara tatu. Zikitoka 62, 61 na 62, ajaze 62. Hicho ni kipimo cha kutazama mbali. Kwa miwani ya kusomea hupunguzwa milimita tatu hivi.

Yote haya yangekuwa mepesi zaidi kama picha yenyewe ingepigwa vizuri. Cheti kilazwe mezani karibu na dirisha mchana, kinyooshwe mkunjo, simu ishikwe juu yake moja kwa moja bila kuwasha taa, na kona zote nne zionekane. Kitumwe kama faili, kwa kuwa picha ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ubora, na kinachopotea kwanza ni vitu vidogo kama nukta na vistari. Tarehe na jina la aliyepima viwemo pia. Uingereza, kwa mfano, muuzaji asiyesajiliwa haruhusiwi kuuza miwani kwa cheti kilichozidi miaka miwili, na mtoto wa chini ya miaka 16 hauziwi miwani ila chini ya uangalizi wa mtaalamu aliyesajiliwa. Aliye na ndugu London asishangae ombi la mtoto likikataliwa.

Lakini hata picha nzuri isiende peke yake. Mwenye cheti mkononi, ambaye anaweza kurudi kumuuliza mpima macho, aziandike namba kwa herufi za simu chini ya picha. Mhimili upewe tarakimu tatu daima, na alama ya digrii isiandikwe:

```
KULIA   (OD): SPH -2.25  CYL -1.50  AXIS 015
KUSHOTO (OS): SPH -1.75  CYL -0.75  AXIS 165
ADD +1.50   PD 62
```

Kwa 015 hakuna atakayesoma 150. Kisha mdogo wake, kabla ya kulipa, apige picha fomu aliyoijaza na kumrudishia, halafu wasomeane kwa sauti.

"Dada, jicho la kulia: kutoa mbili nukta ishirini na tano. Silinda, kutoa moja nukta hamsini. Mhimili, sifuri moja tano."

"Sifuri moja tano, ndiyo. Kumi na tano. Endelea na la kushoto."

Dakika tatu zinatosha. Lenzi zikishakatwa kwa namba alizojaza mteja, maduka mengi hayarudishi fedha kwa kosa la mteja.

Miwani ikifika Tanga, mwalimu asianze kwa kuivaa shuleni siku nzima. Aishike mbele kwa mkono ulionyooka na kutazama kupitia lenzi moja ukingo wa mlango. Akiisogeza lenzi polepole kulia na kushoto, ukingo unaoonekana ndani yake unapaswa kwenda upande uleule lenzi inakokwenda. Hiyo ni lenzi ya kutoa. Ukienda kinyume, amepewa lenzi ya kujumlisha. Kisha aizungushe miwani taratibu kama usukani. Ukingo ulio ndani ya lenzi ukiinama na kuachana na ule wa nje, silinda imo. Ya kulia itainamisha zaidi kuliko ya kushoto, kwa sababu ina nguvu mara mbili.

Jaribio hilo halisemi kama mhimili uko mahali pake. Jicho lenyewe linaweza kusema. Afunike la kushoto, atazame maandishi ya mbali, na ainamishe fremu kidogo usoni, upande mmoja kisha mwingine. Maandishi yakiwa safi pale tu fremu inapopinda, mhimili umekosewa. Kuna wakati pia sakafu huonekana kama imeinuka na milango kama imelala upande. Mwenye silinda mpya huweza kupata hali hiyo kwa siku kadhaa, nayo hupungua kila siku huku herufi zikiwa safi tangu mwanzo. Herufi zenye kivuli pembeni, ambazo hazisafiki hata baada ya wiki, si mazoea mapya. Ni lenzi.

Jibu la mwisho analo mwenye duka la miwani mtaani, kwenye kile chombo cha kusomea lenzi kinachoitwa lensomita. Anaweka lenzi, anazungusha gurudumu, na baada ya dakika mbili anataja sferi, silinda na mhimili. Mwalimu aende na cheti chake cha awali, si na picha. Kwa kiwango kilekile cha ANSI, sferi ya jicho la kulia inaruhusiwa kupishana na cheti kwa 0.13 tu, na mhimili usomeke kati ya 12 na 18. Kwa la kushoto, kati ya 160 na 170. Ikisomeka 150 kwa kulia, asiivae wala asisubiri macho yazoee: aagize lenzi nyingine ikatwe kwa namba sahihi.